Kilo 1,387 za Rundo Namba 3: Hoja Isemwe Kikaoni au Ofisini kwa Meneja?

Nimekuwa katibu wa vikao vya kazi kwa miaka mingi, na katika muda huo nimeandika mihtasari isiyohesabika ya mambo yaliyosemwa vikaoni, ilhali mambo mazito ya kazi niliyafahamu nje, ukutani, upande wa jua. Anayeijua Makambako ya mwezi wa saba atanielewa. Kikao huanza saa mbili asubuhi katika chumba chenye baridi ya kuuma, watu wamejikunyata ndani ya makoti, na mwenyekiti anapofika kwenye mengineyo na kuuliza kama kuna mwenye la kusema, kila mtu hutazama daftari lake. Dakika tano baadaye watu wale wale wameegemea ukuta wanaota jua, na hapo ndipo maneno yanapoanza kutoka. Mmoja wao, ambaye mara nyingi ndiye mwenye wasiwasi wa kweli, hujitenga na wenzake na kumfuata meneja ofisini kwake.

Makala haya yanamhusu huyo mmoja. Kwa desturi yetu, uamuzi wake hupimwa kwa tabia: anayesema mbele ya watu huitwa jasiri au huitwa mkosefu wa adabu, na anayekwenda ofisini huitwa mstaarabu au huitwa mchongezi, kutegemea anayesimulia yuko upande gani. Kwa maoni yangu, kipimo hicho kinatupotosha. Mahali pa kusemea hoja panapaswa kuamuliwa na mambo mawili ambayo hayana uhusiano na ujasiri wala ustaarabu. La kwanza ni kujua nani anashikilia kipande cha habari ambacho mtoa hoja hana. La pili ni kujua hoja itaacha kumbukumbu gani baada ya mlango kufungwa. Nitayaeleza yote mawili kwa tukio moja nililolishuhudia katika ghala la mahindi lililo kandokando ya barabara kuu ya kwenda Mbeya, na ambalo mimi mwenyewe niliandika mihtasari yake kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Msimu ule ghala lilinunua mahindi mapema, mwezi wa saba, wakati wakulima wa nyanda za juu wana haraka ya fedha na hewa bado ina ukungu. Rundo namba 3 lilikuwa na magunia 600 ya kilo 100 kila moja, yaani kilo 60,000. Kipima unyevu kilisoma wastani wa asilimia 13.3, kiasi kilicho ndani ya kiwango cha Afrika Mashariki ambacho hakiruhusu unyevu wa mahindi kuzidi asilimia 13.5. Mwezi wa kumi rundo lilipotolewa na kupitishwa kwenye mizani, idadi ya magunia ilikuwa ile ile 600, lakini uzito ulikuwa kilo 58,613. Zilipungua kilo 1,387, ambazo ni sawa na magunia 14 kasoro kilo 13.

Aliyeligundua jambo hili alikuwa karani wa hesabu, dada mmoja makini asiyependa makuu, siku ya Ijumaa jioni alipokuwa akilinganisha leja na hati za mizani. Jumatatu alikaa kikaoni kuanzia kufungua hadi kufunga bila kusema neno. Kikao kilipokwisha alimfuata meneja ofisini, akamwamkia, akafunga mlango na kumweleza. Meneja alimsikiliza vizuri, akamshukuru na kumwambia, “Niachie mimi.” Jumatano mtunza ghala alitakiwa kukabidhi funguo kwa mwenzake na kuhamishiwa kwenye kazi ya kupokea magari getini. Hakuambiwa sababu. Pale ghalani hakuna aliyehitaji kuambiwa, kwa sababu kila mtu anajua maana ya mtunza ghala kunyang'anywa funguo wiki moja baada ya rundo kupimwa.

Ni rahisi kumlaumu meneja, lakini mimi sikubali kwamba alikuwa mtu mbaya. Tazama alichokuwa nacho mezani. Alikuwa na tarakimu moja ya upungufu na jina moja la mtu mwenye funguo. Magunia yalikuwa kamili kwa idadi, kwa hiyo mawazo yalikwenda moja kwa moja kwenye hila ambayo kila mtu wa nafaka anaijua: kuchota kidogo kidogo kwa bambo, kile chuma chenye mfereji tunachochomea gunia ili kutoa sampuli, ambacho mtu mwenye nafasi na muda anaweza kutoa nacho kilo mbili za kila gunia bila kufungua mshono. Hesabu ilikubali dhana hiyo kikamilifu, kwa sababu kilo 1,387 zikigawanywa kwa magunia 600 ni kilo 2.3 kwa gunia.

Sasa ulitazame jambo ambalo watu hulisahau wanapousifia utaratibu wa kunong'onezana na mkubwa. Meneja alitaka kuuliza zaidi, lakini hakuweza. Angewauliza wapagazi kuhusu rundo namba 3, wangejua siku hiyo hiyo kwamba karani ameingia ofisini kwake. Angemuuliza mtunza ghala, angemfahamisha kwamba kuna mtu amemsema. Alikuwa amepewa habari kwa siri, na kwa heshima ya siri hiyo alilazimika kuamua bila kuchunguza. Faragha iliyomlinda mtoa hoja ndiyo iliyomzuia mpokea hoja asiitafute iliyobaki. Kati ya hasara zote za hoja ya ofisini, hii ndiyo ninayoiona kuwa kubwa zaidi, na haionekani kwa urahisi, kwa sababu kwa nje kila kitu kinaonekana kimekwenda kwa staha.

Wiki nne baadaye rundo namba 5, lililopokelewa katika siku zile zile za mwezi wa saba, lilitolewa na likawa na upungufu wa aina ile ile, ingawa funguo zilikuwa zimeshabadilika mikono. Safari hii jambo halikuweza kufichwa, na meneja mwenyewe alilileta kikaoni. Tulikuwa watu 11 chumbani. Baada ya ukimya mrefu, kijana wa kupima unyevu, ambaye ni kibarua wa msimu na ambaye kwa kawaida hukaa karibu na mlango, aliomba kusema. Alisema kwamba wiki ile ya kupokea rundo la 3 na la 5, mashine ilikuwa kwenye maharage.

Kwa wasiozijua mashine hizi, nieleze kwa ufupi. Kipima unyevu cha mkononi hakiukaushi mchele wala mahindi ili kujua kuna maji kiasi gani. Hupima jinsi nafaka inavyoitikia umeme mdogo, kisha hugeuza kipimo hicho kuwa asilimia kwa kutumia mpangilio wa nafaka husika. Kila nafaka ina mpangilio wake. Ukipima mahindi huku kifaa kikiwa kwenye mpangilio wa zao jingine, kitakupa jibu, tena jibu la kuaminika machoni, lakini halitakuwa jibu la mahindi. Kijana alikuwa ameliona kosa lile siku ya tatu, akarekebisha na kuendelea na kazi. Hakumwambia mtu, kwa kuwa hakujua kwamba kuna swali lolote linalohitaji jibu lake. Swali lilikuwa limefungiwa ofisini kwa wiki nne.

Tulichukua sampuli moja ya mahindi na kuipima mara mbili pale pale, kwanza katika mpangilio wa maharage kisha katika mpangilio wa mahindi, na tofauti ikawa kidogo juu ya asilimia mbili. Maana yake ni kwamba mahindi yaliyoandikwa asilimia 13.3 huenda yaliingia yakiwa na asilimia 15.5 hivi. Hesabu iliyobaki ni ya shule. Katika kilo 60,000 zenye unyevu wa asilimia 15.5, mahindi makavu kabisa ni asilimia 84.5, yaani kilo 50,700. Kilo hizo 50,700 hazibadiliki. Kinachoondoka ni maji. Mahindi yakishuka hadi unyevu wa asilimia 13.5 katika upepo mkavu wa kuanzia mwezi wa nane hadi wa kumi, kilo 50,700 zinakuwa asilimia 86.5 ya uzito mpya, na uzito huo mpya ni kilo 58,613. Ile “hasara” ya kilo 1,387 ilikuwa maji ambayo ghala liliyalipia kwa bei ya mahindi, kisha yakaondoka na upepo.

Hata hivyo, hesabu kulingana peke yake haimsafishi mtu, kwa sababu tumeona kwamba ililingana na bambo pia. Kilichotofautisha dhana hizi mbili ni kupima magunia 20 ya rundo namba 5 yaliyochaguliwa sehemu mbalimbali kabla hayajapakiwa. Magunia ya pembeni na ya juu, yanayopigwa na hewa, yalikuwa yamepungua zaidi, na ya katikati yalikuwa yamepungua kidogo. Maji hutoka namna hiyo. Mtu anayechota kwa bambo hafuati mwendo wa hewa. Huchota pale mkono unapofika, huacha ya katikati kama yalivyo, na huacha alama za tundu kwenye nyuzi za gunia. Alama hizo hazikuwapo. Mpagazi mmoja mzee ndiye aliyetuelekeza tupime kwa mtindo huo, naye pia alikuwa hajawahi kuulizwa.

Hapo ndipo sababu yangu ya kwanza inaposimama. Karani alikuwa na kipande kimoja, yaani uzito wa kuingia na wa kutoka. Meneja alikuwa na kingine, yaani jina la mwenye funguo. Kipande cha mpangilio wa mashine kilikuwa kwa kibarua, na kipande cha namna ya kupima kilikuwa kwa mpagazi. Vipande viwili vya mwanzo vikikutana peke yao vinatengeneza mwizi. Vyote vinne vikikutana vinatengeneza mashine iliyowekwa vibaya. Mtu anayetaka kuamua aende wapi na hoja yake anapaswa kwanza kujiuliza kipande anachokikosa kinaweza kuwa kwa nani. Kikiwa kwa meneja peke yake, kwa mfano masharti ya mkataba na mnunuzi au maagizo kutoka makao makuu, basi ofisini ndiko mahali pake, na kulileta jambo hilo kikaoni ni kupoteza muda wa watu wasioweza kulijibu. Kikiwa kwa wanaoshika mizani, mashine na magunia, hakuna mlango wa ofisi utakaokupatia.

Lazima nikiri kwamba kikao nacho hakitoi vipande hivyo kwa kuwapo tu. Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, Garold Stasser na William Titus, walichapisha jaribio ambalo vikundi vya wanafunzi vilitakiwa kumchagua mgombea bora, huku kila mmoja akiwa amepewa sehemu tu ya habari kuhusu wagombea. Kama wangeziunganisha sehemu hizo, aliye bora angeonekana wazi. Badala yake walijadili zaidi yale ambayo wote walikuwa wameshayajua, na mara nyingi hawakumchagua. Ninaposoma mihtasari yangu ya zamani naona tabia hiyo hiyo: ukurasa mzima juu ya mvua, ubovu wa barabara na bei, mambo ambayo kila mtu anayajua, na mstari mmoja tu juu ya jambo lililojulikana na mtu mmoja. Kibarua aliyekaa karibu na mlango alisema kwa sababu safari ile swali liliulizwa likiwa na tarakimu na tarehe. Lau mwenyekiti angeuliza “kuna mwenye maoni?”, naamini angeendelea kutazama viatu vyake.

Kwa hiyo swali la wapi haliachani na swali la kwa maneno gani, na hapa lugha yetu ina mitego yake. Kama karani angesimama Jumatatu ile na kusema, “Mwenyekiti, kuna upotevu ghalani,” asingehitaji kumtaja mtu. Neno lenyewe lingemtaja. Upotevu una mpotezaji. Upungufu hauna. Tofauti ya maneno haya mawili inaonekana ndogo kwenye kamusi, lakini katika chumba chenye watu 11, mmoja akiwa na funguo kiunoni, ni tofauti kati ya swali na mashtaka. Sentensi ambayo ingefaa ni kama hii: “Mwenyekiti, rundo namba 3 liliingia kilo 60,000 na limetoka kilo 58,613, na idadi ya magunia haikupungua. Naomba wenzangu waliolipokea watusaidie kueleza unyevu ulipimwaje siku zile.” Ndani yake mna tarakimu, mna jambo lililothibitika, na mna ombi linaloelekezwa kwa wenye kujua. Mtunza ghala anaweza kuisikia sentensi hiyo na bado akachangia kama mtaalamu, asijitetee kama mshitakiwa. Kuhusu nani ashukiwe, kama itafika huko, hilo ni la faragha tangu mwanzo hadi mwisho, na mtuhumiwa awe wa kwanza kuambiwa.

Wapo watakaosema kwamba ninaota, na kwamba hakuna meneja wa huku kwetu anayependa kushtukizwa mbele ya wafanyakazi wake. Wana haki, na si wa huku kwetu tu. Utafiti wa Sofya Isaakyan na wenzake, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba mameneja huwa wepesi zaidi kuikubali hoja wanapoletewa faraghani kuliko hoja hiyo inapotolewa hadharani, kwa sababu hoja ya hadharani huwafanya wahisi hadhi yao inaguswa, na kwamba pengo hilo hupungua pale mtoa hoja na meneja wanapokuwa na uhusiano mzuri. Kwa maneno mengine, huyo dada alisoma hali vizuri alipokwenda ofisini. Alisikilizwa. Tatizo ni kwamba kusikilizwa ndiko kulikomponza mwenzake.

Lakini watu wanaolijadili jambo hili huweka njia mbili tu mezani, kikaoni au ofisini baada ya kikao, na kwa mtazamo wangu ile ya pili ndiyo wakati mbaya kuliko yote. Baada ya kikao, meneja ameshatoa kauli mbele ya watu na si rahisi kuirudisha. Kazi zimeshagawanywa. Jumatatu ile, kwa mfano, kikao kiliidhinisha rundo namba 4 litolewe wiki ileile kwa taarifa za unyevu za mashine ile ile, na karani aliyekuwa na sababu ya kuomba lisubiri alikaa kimya, kisha akaenda kusema kwa mtu ambaye alikuwa ametoka kuidhinisha. Mtu akinong'ona baada ya uamuzi, hata akiwa na nia njema, anamwomba mkubwa wake abadili alichosema bila kuwaeleza waliokisikia kwa nini amebadili.

Angekwenda kabla. Kulikuwa na Jumamosi, na kulikuwa na robo saa ya Jumatatu asubuhi wakati watu wanasalimiana “kamwene” na kusubiri chai. Maneno yenyewe hayahitaji ufasaha: “Shikamoo meneja. Rundo namba 3 limepungua kilo 1,387 na magunia ni kamili. Sijui sababu. Naomba liingie kwenye ajenda kama suala la kipimo, bila kumtaja mtu, isipokuwa kama kuna jambo unalolijua ambalo mimi silijui.” Kwa namna hiyo meneja hashtukizwi, na lile lililogunduliwa na utafiti wa 2021 linapoteza nguvu yake. Kama ana sababu ya kutotaka lisemwe kikaoni, anapata nafasi ya kuitoa. Kama hana, anaingia kikaoni akiwa yeye ndiye mwenye swali, na vipande vilivyo mikononi mwa watu wa chini vinaitwa na mtu mwenye mamlaka ya kuviita. Nimeona njia hii ikifanya kazi mara nyingi kuliko zile mbili zinazobishaniwa, na sijui kwa nini haizungumzwi sana, labda kwa sababu haina shujaa.

Sababu yangu ya pili ni ya kikatibu, na msomaji anisamehe nikionekana ninapigia debe kazi yangu. Kila kikao chetu kina ajenda iitwayo yatokanayo. Watu huiona kama kipengele cha kupitisha muda kabla ya mambo yenyewe, lakini ndicho kitu pekee ambacho kikao kinacho na ofisi haina. Hoja ikishaandikwa kwenye muhtasari ikiwa na mhusika na tarehe, itarudi yenyewe mwezi unaofuata, bila mtoa hoja kulazimika kunyanyua tena mkono. Hoja ya ofisini haina yatokanayo. Ikisahaulika imesahaulika, na mtoa hoja akiikumbushia anaonekana msumbufu, na asipoikumbushia anaanza kuamini kwamba amepuuzwa, naye hurudi ukutani kuota jua na kusimulia.

Kwa hiyo anayelazimika kusema ofisini anapaswa kujitengenezea yatokanayo yake. Njia ninayoipendekeza ni ujumbe mfupi wa simu siku hiyo hiyo, wenye kueleza kilichozungumzwa, kilichoahidiwa na siku: “Meneja, ahsante kwa muda wako. Tulizungumzia upungufu wa kilo 1,387 wa rundo namba 3, na ulisema utalifuatilia hadi Ijumaa ijayo. Nitapita siku hiyo nisikie.” Kuna wanaoona ujumbe wa namna hii ni kumtega mkubwa. Ukiandikwa kwa ukali, kweli ni mtego. Ukiandikwa hivi ni kumbukumbu ya wote wawili, na meneja mwenye mambo mengi huufurahia. Pia unafichua jambo moja mapema: kama anayeandikiwa hataki kabisa kuwe na maandishi, mtoa hoja anajua kwamba “niachie mimi” ilikuwa na maana nyingine.

Yapo mambo ambayo hayaingii katika mjadala huu hata kidogo. Mahindi yakiwa chini ya turubai la fukizo na mtu anaonekana analikunjua kabla ya muda, usisubiri kikao wala ofisi. Unapiga kelele pale ulipo, kwa sababu fosfini, gesi ya sumu ya kufukizia wadudu, haijui itifaki. Ugonjwa wa mfanyakazi, deni lake au mambo ya nyumbani kwake hayaletwi kikaoni hata yawe yameathiri kazi kiasi gani. Na hoja ikiwa inamhusu meneja mwenyewe kwa rushwa, kumfuata ofisini si staha bali ni kumpa nafasi ya kupanga majibu. Tanzania ina sheria ya kuwalinda watoa taarifa tangu mwaka 2015, na TAKUKURU ina ofisi mikoani.

Tukirudi ghalani, meneja alipoyaona matokeo ya magunia 20 alifanya ambacho wengi wangefanya. Alimwita mtunza ghala ofisini, akafunga mlango, akamwomba radhi kwa maneno ya kiungwana na kumwekea funguo mezani. Mtunza ghala alimshukuru, lakini hakuzichukua. Alisema, kwa utaratibu wa mtu aliyelifikiria neno lake siku nyingi, “Nimekusamehe, meneja. Ila waliosikia nimenyang'anywa hawamo humu ndani.”

Jumatatu iliyofuata, katika ajenda ya yatokanayo, niliandika aya hii kama nilivyoagizwa na mwenyekiti, na ikasomwa kwa sauti mbele ya wote 11: “Kikao kilijulishwa kwamba upungufu wa rundo namba 3 na namba 5 ulitokana na mpangilio usio sahihi wa kipima unyevu wakati wa kupokea, na haukumhusu mtunza ghala. Funguo zimerejeshwa kwake leo. Mpangilio wa kipima unyevu utakaguliwa na watu wawili kila asubuhi kabla ya kupokea mzigo, na wote wawili wataweka saini.” Mtunza ghala aliomba nakala. Nilimpigia chapa mbili.